Mradi ukifika katikati: namna ya kuupima na kuandika yaliyoonekana



Katika somo la utawala tulipewa kazi ya kukagua mradi mmoja wa parokia ukiwa katikati ya safari yake, kisha kuandika yale tuliyoyakuta. Tulikuwa wanne, sote wa filosofia, na mradi wenyewe ulikuwa ukumbi wa parokia ambao hatutautaja jina, kwa sababu jina halitaongeza chochote katika maelezo haya. Ukumbi ulipangwa kujengwa kwa miezi 24 kwa shilingi milioni 180. Tulipofika, miezi 12 ilikuwa imepita na shilingi milioni 108 zilikuwa zimetoka. Ubao wa matangazo kanisani ulisema: ujenzi umefikia asilimia 60.

Tuanze na asilimia hiyo, maana karibu kila mradi wa parokia una ubao kama huo. Ilipatikanaje? Kamati ya ujenzi ilichukua milioni 108, ikagawa kwa milioni 180, ikapata 60 kwa mia. Mwanafunzi wa mantiki ataona mara moja kwamba hapo kuna dai lililofichwa katikati: kwamba kila shilingi iliyotoka imegeuka kuwa jengo. Dai hilo likiwa la kweli, hesabu ni sahihi. Likiwa si la kweli, ubao unawaambia waamini ni kiasi gani cha fedha kimetumika, wala hausemi lolote kuhusu jengo.

Kwa hiyo kupima mradi ukiwa katikati ni kuweka mambo matatu pamoja: muda uliopita, fedha zilizotoka, na kazi iliyokwisha kufanyika. Mawili ya kwanza ni rahisi, yako kwenye kalenda na kwenye leja. La tatu lazima likapimwe pale pale kwenye kiwanja, kwa kutumia jedwali la vipimo na bei ambalo mkadiriaji aliliandaa kabla ya ujenzi kuanza. Jedwali la ukumbi huu lilikuwa hivi: msingi milioni 36, kuta milioni 45, paa milioni 54, milango na madirisha pamoja na lipu, sakafu na rangi milioni 27, na umeme, maji na vyoo milioni 18. Jumla ni milioni 180.

Tulizunguka jengo tukiwa na jedwali mkononi. Msingi umekwisha, basi tukauhesabia milioni 36 zote. Kuta kwenye jedwali zimegawanyika: tofali milioni 36, lenta milioni 9. Tofali zimepangwa zote. Lenta haijamwagwa, ila mbao za kufungia zegezege zimeshasimamishwa upande mmoja. Hapa kundi letu lilibishana. Mmoja wetu alitaka tuipe lenta nusu, kwa kuwa kazi imeanza. Tulikataa, na sababu ni hii: jicho la mtu anayependa mradi huona nusu hata pale penye robo. Sehemu isiyokwisha ukiipa sifuri, kosa lako linajulikana na ni dogo, tena linajirekebisha lenyewe sehemu hiyo ikikamilika. Ukiipa nusu kwa kukisia, hakuna atakayeweza kuihakiki kazi yako. Paa, sifuri. Mengine yote, sifuri.

Basi kazi iliyofanyika, kwa bei za jedwali, ni milioni 72, yaani asilimia 40. Kwa mpango wa awali, mwezi wa 12 ulipaswa kukuta kazi ya milioni 90. Mradi umechelewa kwa kazi ya milioni 18, ambayo kwa mwendo uliopangwa ni kama miezi miwili na nusu.

Hadi hapa mambo yanatisha. Fedha zilizotoka ni milioni 108, kazi ni milioni 72, tofauti ni milioni 36. Vitabu vya usimamizi wa miradi vinafundisha kanuni fupi: gawa kazi kwa fedha, upate kila shilingi imezaa kiasi gani cha kazi, kisha gawa bajeti yote kwa jibu hilo. Ukifanya hivyo hapa, kila shilingi imezaa senti 67 za kazi, na ukumbi utaishia kugharimu milioni 270. Tungeweza kuandika hivyo na kurudi seminarini. Tungekuwa tumewatisha waamini bure, na pengine tungempa mtu mmoja sifa ya wizi asiyostahili.

Kanuni ile inachukulia kwamba fedha yote iliyotoka ilitoka kwa ajili ya kazi iliyokwisha. Kabla ya kuitumia ni lazima kuuliza milioni 36 ziko wapi, na swali hilo halijibiwi na leja peke yake. Linajibiwa kwa kufungua stoo.

Stoo ilikuwa na mabati. Miezi minane kabla ya sisi kufika, parokia ilikuwa imefanya harambee kwa mtindo wa kila familia bati moja. Familia 400 zilitoa shilingi 40,000 kila moja, jumla milioni 16, na kamati ikanunua mabati 400 mara moja ili watu waone matunda ya sadaka yao. Mabati hayo ni mali ya mradi. Hayajawa paa, lakini pia hayajapotea. Basi katika milioni 36, milioni 16 zimelala stoo.

Malipo ya awali yalikuwa milioni 8, aliyopewa fundi wa paa ili akatafute mbao za kenchi. Leja iliyaandika kama gharama ya kazi. Tulimwendea fundi mwenyewe, tukamwomba aseme amepokea kiasi gani na kwa ajili ya nini, kabla hatujamwonyesha karatasi yetu. Alitaja milioni 8 na akatuonyesha sehemu ya mbao kwake. Utaratibu huo wa kumuuliza mtu wa nje ya kamati, bila kumtajia jibu unalolitarajia, una nguvu kuliko risiti tatu zinazotoka kwenye droo moja. Hata hivyo hakukuwa na mkataba ulioandikwa wa malipo hayo, jambo ambalo tuliliandika peke yake.

Ukiondoa 16 na 8 zinabaki milioni 12. Hizo ndizo ziada halisi: kazi ya milioni 72 iligharimu milioni 84. Tukazifuata na zenyewe. Milioni 9 zilimezwa na msingi, kwa sababu sehemu moja ya kiwanja ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ikabidi kuchimba zaidi na kujaza mawe. Milioni 3 ziliongezeka kwenye tofali kwa sababu ya bei ya saruji.

Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoamua makadirio ya mwisho. Udongo ule umeshashughulikiwa na msingi hautachimbwa tena, kwa hiyo milioni 9 hazitajirudia. Bei ya saruji inaweza kujirudia. Kazi iliyobaki kwa bei za jedwali ni milioni 108. Bei zikikaa kama zilivyokadiriwa, ukumbi utagharimu 84 na 108, yaani milioni 192. Zikipanda kwa kiwango kilichoonekana kwenye tofali, ambacho ni shilingi moja juu ya kila kumi na mbili, zitaongezeka milioni 9 nyingine, nao utafika milioni 201. Tukaandika kati ya milioni 192 na 201, tukieleza kila mwisho umetoka wapi. Msomaji wa ripoti akiona namba moja tu huiamini kupita kiasi. Akiona mbili zenye sababu, anajua cha kuangalia miezi inayokuja: bei ya saruji na nondo.

Kwa hiyo fedha hazijaliwa. Lakini kwa nini mradi umechelewa? Tulipopanga malipo kwa tarehe, jibu lilijitokeza lenyewe. Lenta ilihitaji milioni 9, hasa kwa nondo na saruji. Mwezi ambao lenta ilipaswa kuanza, akaunti ilikuwa imebaki na kidogo, kwa kuwa fedha nyingine za mradi zilikuwa zimetoka kwenda kwa fundi wa paa. Mbao za kenchi zilikuwa zinatafutwa kwa ajili ya kuta zisizo na lenta. Mabati nayo yalikuwa stoo miezi minane yakisubiri kenchi. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una sababu nzuri. Ukiutazama katika mfululizo, paa lilinunuliwa kabla ya kitu cha kulibeba.

Hili ndilo tuliloliweka mbele ya yote katika ripoti, kwa sababu lina tarehe. Lenta ndiyo inayofunga kuta zote pamoja na kubeba uzito wa kenchi. Kuta ndefu za ukumbi, zisizo na lenta wala paa, zikikutwa na masika ya Machi zitanyeshewa juu kwenye tofali zilizo wazi na kusukumwa na upepo bila kitu cha kuzishika. Tulipendekeza fedha yoyote itakayoingia kabla ya mwezi wa pili iende kwenye lenta na si kwingine, na ubao wa matangazo uandike sehemu za jengo zilizokwisha badala ya asilimia ya fedha.

Sasa turudi stoo, maana kuna jambo dogo ambalo lilituchukua muda mrefu kuliko yote.

Tulihesabu mabati. Hati ya kupokelea mzigo ilisema 400, na leja ya stoo ilisema 400. Tulihesabu mara mbili, watu wawili tofauti, tukapata 388. Kumi na mawili yalikuwa yamekwenda kuezekea jiko la nyumba ya mapadre lililokuwa linavuja. Hakuna aliyeficha. Katibu wa kamati, mwalimu mstaafu anayefanya kazi hiyo kwa kujitolea, alituambia hata kabla hatujamaliza swali, kisha akatupeleka kuyaona. Thamani yake ni shilingi 480,000. Katika mradi wa milioni 180 mkaguzi wa kampuni angeweza kuliruka.

Katika Kanisa haliruki, na hapa ndipo ukaguzi wa mradi wa parokia unapoachana na ule wa duka. Kanuni ya 1267 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika aya yake ya tatu, inasema sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo fulani inaweza kutumika kwa lengo hilo tu. Kanuni ya 1300 inarudia wazo hilo kwa upande wa mapenzi ya mtoaji. Familia kumi na mbili zilitoa bati kwa ajili ya ukumbi. Jiko la mapadre ni hitaji la kweli, na huenda familia zile zingekubali kwa furaha kama zingeulizwa. Hazikuulizwa. Kipimo hapa ni kusudi la mtoaji, na ukubwa wa fedha haulibadilishi.

Jambo hilo halitokei parokiani tu. Baada ya kanisa kuu la Notre-Dame la Paris kuungua tarehe 15 Aprili 2019, watu wa nchi nyingi walichanga zaidi ya euro milioni 800 kwa ajili ya kulihifadhi na kulirudisha. Sheria ya Ufaransa ya Julai mwaka ule ikaunda taasisi maalumu ya kusimamia kazi. Mahakama ya Ukaguzi wa Hesabu ya nchi hiyo haikungoja kanisa lifunguliwe Desemba 2024 ndipo ikague. Ilitoa taarifa mwaka 2020, kazi ikiwa bado ni ya kulizuia jengo lisianguke, na nyingine mwaka 2022. Katika ile ya kwanza ilihoji hasa jambo la aina hii: gharama za kuendesha taasisi yenyewe zilikuwa zinalipwa kwa michango, ilhali watu walichangia kanisa. Ilipendekeza gharama hizo zibebwe na serikali. Mtu anaweza kusema kwamba bila ofisi hakuna ujenzi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini swali liliulizwa kazi ikiendelea, wakati jibu lingeweza kubadilisha kitu.

Sasa kuhusu uandishi wenyewe. Mwenzetu mmoja aliandika rasimu ya kwanza ya jambo la mabati hivi: "Katibu ametumia vibaya mabati ya ukumbi." Sentensi ni fupi, na ina kasoro tatu. Inatoa hukumu kabla ya kutoa ushahidi. Haisemi ni kanuni gani imevunjwa. Tena inamwacha msomaji akifikiri kwamba akiondolewa mtu, tatizo limekwisha.

Wakaguzi huandika jambo moja kwa kujibu maswali matano kwa mpangilio: tumekuta nini, ilipaswa kuwaje, kwa nini imetokea, imeleta nini, na nini kifanyike. Rasimu ya mwisho ikawa hivi:

"Mabati 12 kati ya 400 yaliyopokelewa kwa ajili ya ukumbi yametumika kuezekea jiko la nyumba ya mapadre, na leja ya stoo bado inaonyesha 400. Mabati hayo yalinunuliwa kwa sadaka zilizotolewa kwa ajili ya ukumbi, ambazo kwa kanuni ya 1267 zinatumika kwa lengo hilo tu. Imewezekana kwa kuwa mtu mmoja anaagiza vifaa, anavipokea, anatunza ufunguo wa stoo na kuandika leja, hivyo hakuna hatua ambayo mtu wa pili angeuliza. Mradi umepungukiwa vifaa vya shilingi 480,000, na leja haiwezi kutegemewa kujua kilichopo. Tunapendekeza parokia irudishe mabati 12 kutoka mfuko wake wa kawaida, ufunguo wa stoo na leja vishikwe na watu wawili tofauti, na kila kinachotoka stoo kiwe na hati yenye sahihi mbili."

Ndani ya maneno hayo katibu hajatajwa kwa cheo wala kwa jina, na hatukufanya hivyo kwa kumwonea haya. Sababu iliyoandikwa ni kazi nne kushikwa na mtu mmoja. Angeshika mwingine yeyote, hata mtakatifu, leja ingebaki haina wa kuisahihisha. Ndiyo maana kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha la kumsaidia paroko, na kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi wa mali atunze vizuri vitabu vya mapato na matumizi na kuandaa taarifa kila mwisho wa mwaka. Parokia hii ina kamati ya fedha. Ila kamati ya ujenzi ilikuwa haipeleki hesabu zake huko, kwa mazoea tu, kwa sababu ilikuwa na akaunti yake yenyewe.

Kuhusu sababu, tunaomba tuongeze neno. Ni sehemu inayoandikwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa wengi huweka hapo maneno kama uzembe au kukosa uaminifu. Hayo hayawezi kuonyeshwa kwa karatasi. Sababu nzuri ni ile ambayo ukiiondoa, tatizo halitokei tena. Tulijaribu kila sababu tuliyoiandika kwa swali hilo, na mbili tulizifuta.

Kuna pia mipaka ambayo tuliiandika ukurasa wa kwanza. Sisi si wahandisi: tulipima kama lenta ipo au haipo, hatukupima uimara wa zege. Tulikagua hati za malipo zote zinazozidi shilingi milioni moja, na kati ya zile ndogo tulichagua chache. Kazi yetu ilikuwa ya darasa, haichukui nafasi ya mkaguzi wa jimbo. Mtu akisoma ripoti bila mipaka hii ataitegemea kwa mambo ambayo haikuyagusa.

Kabla ya kuikabidhi kwa mwalimu, tuliisoma rasimu mbele ya Baba Paroko na kamati zote mbili, kisha tukaacha nafasi chini ya kila jambo kwa ajili ya majibu yao. Hatua hii wanafunzi wengi huiruka kwa kuona inapunguza uhuru wa mkaguzi. Kwetu ilisahihisha takwimu moja: hati moja ya mawe tuliyoihesabia msingi ilikuwa na maelezo zaidi nyuma ya karatasi, na kamati ikatuonyesha. Mahali ambapo hawakukubaliana nasi, maneno yao yaliandikwa kama walivyoyasema, na yetu yakabaki.

Kuhusu udongo, walijibu kwamba walimwambia mkadiriaji mapema na hakupima. Kuhusu lenta walikubali, wakataja wiki ya pili ya Januari. Kuhusu mabati, Baba Paroko aliandika kwa mkono wake kwamba yatanunuliwa kumi na mawili kabla ya Noeli na kwamba familia zitatangaziwa Dominika yalikokwenda yale ya kwanza. Katibu naye aliandika mstari mmoja: ufunguo wa stoo ameshaukabidhi, na anaomba atakayeupokea afundishwe kuandika leja.